Nimesaini mkataba mara sita, mbona bado wananiambia umeisha?

*"Habari wakili. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni binafsi hapa Tanzania. Tangu Februari 2020 nasaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa ni wa sita, unaisha tarehe 31 Januari 2026. Novemba meneja alinitumia ujumbe wa WhatsApp nimpe tarehe zangu za likizo ya Aprili na akanipa bajeti ya 2026 niiandae. Tarehe 12 Januari nikaletewa barua kwamba mkataba hautaongezwa. Mwaka 2023 walichelewa kunipa mkataba mpya, nikafanya kazi Februari nzima hadi tarehe 10 Machi bila kusaini. Wenzangu wanasema ukivuka mikataba mitatu unakuwa wa kudumu. Ni kweli? Na mfagizi wetu, aliyeanza 2021, ana mkataba kama wangu. Naye atatolewa hivihivi?"*

Hapana dada yangu, si kweli. Katika sheria ya kazi ya Tanzania hakuna idadi ya mikataba ambayo ukiifikisha ajira inageuka yenyewe kuwa ya kudumu. Hata ungesaini kumi na mbili, hesabu hiyo peke yake isingekubadilisha. Lakini usiifunge barua yangu hapa, kwa sababu una hoja nyingine ambayo wenzako hawajaitaja, na hoja hiyo ina siku zake za kufa. Mfagizi wenu naye anasimama mahali tofauti kabisa na wewe, na pengine ni pazuri zaidi.

Uvumi wa mikataba mitatu una mahali ulikotoka. Nchi nyingine zimeweka kikomo. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2002, mtu aliyefanya kazi miaka minne mfululizo kwa mikataba inayofuatana huhesabiwa kuwa wa kudumu, isipokuwa mwajiri aonyeshe sababu ya msingi ya kuendelea kumweka kwa muda. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2015, mfanyakazi wa kipato kilicho chini ya kiwango fulani hawezi kuwekwa kwenye mkataba wa muda kwa zaidi ya miezi mitatu bila sababu inayokubalika. Mtu husikia habari hizo, akazileta ofisini, zikasimuliwa wakati wa chai, na baada ya mwaka zimeshakuwa "sheria yetu". Nimewahi kuulizwa kama ni mitatu, au ni minne, au ni miaka miwili. Kila ofisi ina namba yake.

Sheria yetu, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, haikuchukua njia ya kuhesabu. Yenyewe inauliza jambo jingine: mkataba ulipofika mwisho, je, mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi kwamba ungeongezwa?

Tuanze na kinachotokea siku ya mwisho. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa chini ya sheria hiyo, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, katika kanuni ya 4 zinasema mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe muda uliokubaliwa unapoisha, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vinginevyo. Hapo ndipo waajiri wanaposimama, na wanasimama vizuri. Hakuna aliyekufukuza, tarehe imefika. Ndiyo maana barua yako ya tarehe 12 Januari haina tuhuma wala kikao cha nidhamu, na mwajiri atakwambia hakuhitaji sababu yoyote. Kwa mkataba mmoja wa mwaka mmoja uliofika mwisho kimyakimya, angekuwa sahihi, na mimi ningekushauri uchukue stahiki zako utafute kazi nyingine.

Ila sheria hiyohiyo, inapoeleza maana ya kuachishwa kazi, imeingiza humo jambo ambalo wengi hawalitarajii: kushindwa kuongeza mkataba wa muda maalumu, kwa masharti yaleyale au yanayofanana, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi ya kuongezewa. Kwa maneno mepesi, mwajiri aliyenyamaza tu anaweza kuhesabiwa kuwa amekuachisha. Na kama amekuachisha, sasa anatakiwa awe na sababu halali na awe amefuata utaratibu wa haki.

Angalia basi mzigo wa kuthibitisha unavyohama. Kwenye kesi ya kawaida ya kuachishwa kazi, mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alikuwa na haki. Kwenye kesi ya namna yako, kanuni ya 4 inakutaka wewe kwanza uonyeshe kwamba matarajio yako yana kitu cha kushikika nje ya kichwa chako. Kanuni yenyewe imetoa mifano miwili: mkataba kuwahi kuongezwa huko nyuma, na ahadi za mwajiri kwamba ataongeza. Kutumaini hakutoshi. "Nimefanya kazi kwa bidii na bosi ananipenda" ni sentensi niliyoisikia mara nyingi mbele ya waamuzi, na sijawahi kuona ikibeba kesi.

Mikataba yako sita, basi, ina kazi. Haikupi ajira ya kudumu, ila ni ushahidi. Umeongezewa mara tano mfululizo (mkataba wa kwanza si nyongeza, kwa hiyo usiandike sita kwenye fomu), kwa cheo kilekile, kwa muda uleule. Hiyo ni tabia ya mwajiri, na tabia iliyorudiwa miaka sita inajenga matarajio kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Hata hivyo nisikudanganye: kwa uzoefu wangu, nyongeza peke yake ni nguzo inayoyumba. Mwajiri atasema kila mkataba ulikuwa mkataba mpya, ukasainiwa upya, na kila mmoja ulikuwa na tarehe yake ya kufa. Waamuzi wengi hutaka kuona jambo la pili lililosimama pembeni ya nyongeza hizo.

Kwako jambo hilo la pili lipo, ila inaelekea hujaliona thamani yake. Meneja hakukuambia "tutakuongezea mkataba". Alikuomba tarehe za likizo ya Aprili 2026 na kukukabidhi bajeti ya 2026, wakati mkataba wako ulikuwa unaisha Januari. Hakuna anayepanga likizo ya Aprili ya mtu ambaye hatakuwepo Februari. Matendo ya namna hiyo yanaweza kuwa na nguvu kuliko ahadi ya mdomo, kwa sababu ahadi ya mdomo hukanushwa kwa sekunde moja, wakati ujumbe wa Novemba una tarehe juu yake. Mengine ya kundi hilo ni kupelekwa kwenye mafunzo yanayovuka tarehe ya mwisho, kuwekwa kwenye ratiba ya zamu ya robo mwaka inayofuata, au kupewa mkopo wa kampuni unaokatwa kwenye mshahara kwa miezi ambayo mkataba haufiki. Tafuta kama una lolote la hayo.

Ujumbe wa WhatsApp unakubalika kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishafungua mlango huo. Kinachogomba ni uhalisi wake. Usitegemee picha ya skrini peke yake, maana upande wa pili utasema imekatwa au imechongwa. Tunza simu yenyewe, usifute mazungumzo, usibadilishe simu kabla ya shauri kwisha, na hakikisha namba ya meneja inaonekana pamoja na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Kama bajeti aliituma kwa barua pepe ya ofisi, kumbuka kwamba tarehe 31 Januari huenda ukafungiwa akaunti hiyo. Ujumbe uliotumwa kwako kuhusu kazi yako weka kumbukumbu yake sasa, lakini usihamishe mafaili ya fedha ya kampuni. Ukifanya hivyo utawapa kosa la nidhamu ambalo hawakuwa nalo.

Sasa fungua mkataba wako wa sita, usome ukurasa wa mwisho polepole. Waajiri wenye wanasheria wazuri huweka kifungu kinachosema kwamba kuongezwa kwa mkataba huu huko nyuma hakujengi matarajio yoyote ya kuongezwa tena. Ukikikuta, hoja ya nyongeza tano inapungua uzito sana, kwa kuwa umesaini maneno hayo mwenyewe. Hapo kesi yako itabaki imeegemea yale yaliyotokea baada ya kusaini, yaani ujumbe wa Novemba na bajeti. Mtu anaweza kuandika Februari kwamba hakuna matarajio, kisha Novemba akayajenga kwa mikono yake. Ukikuta badala yake kifungu kinachosema mkataba utaongezwa endapo utendaji wako utaridhisha, shangilia kidogo, halafu tafuta fomu zako za tathmini ya utendaji. Na kama mkataba unasema anayetaka nyongeza aombe kwa maandishi miezi kadhaa kabla, niambie kama uliomba. Watu wengi huangukia hapo: walikuwa na haki ya kuomba, hawakuomba, wakadhani ni mazoea.

Barua ya tarehe 12 Januari itatumika dhidi yako pia. Mwajiri atasema: nilimjulisha kabla, kwa hiyo hadi tarehe 31 hakuwa na matarajio yoyote. Hoja hiyo ni nzito barua inapokuja mapema, tuseme miezi mitatu kabla. Ikija siku kumi na tisa kabla ya mwisho, baada ya miezi miwili ya kukupangia kazi za mwaka mpya, unaweza kujibu kwamba matarajio yalishakomaa na barua imekuja kuyakata. Sababu zilizoandikwa humo nazo zina uzito. Kama kampuni imepoteza mteja mkubwa au idara ya fedha inafungwa, mwamuzi atawaelewa. Kama kazi ipo palepale na Februari ameingia mhasibu mwingine kwenye kiti chako, hilo ni jambo la kulitaja kwenye maelezo yako ya kwanza kabisa. Tangazo la nafasi hiyo ukiliona gazetini au mtandaoni, lihifadhi likiwa na tarehe yake.

Tugeukie zile wiki tano na siku kadhaa za mwaka 2023. Hapa ndipo watu hudhani wameokota dhahabu: "nilifanya kazi bila mkataba, kwa hiyo nikawa wa kudumu." Kanuni ya 4 inasema mkataba wa muda maalumu unaweza kuhesabiwa kuwa umeongezwa pale mfanyakazi anapoendelea na kazi baada ya muda kuisha na mazingira yakaruhusu hivyo. Kinachoongezwa ni mkataba uleule uliokuwepo. Ulikuwa wa mwaka mmoja, unabaki wa mwaka mmoja. Haubadiliki ukawa ajira isiyo na kikomo. Kwa hiyo Februari 2023 ulikuwa ndani ya mkataba uliojiongeza, na tarehe 10 Machi ulipata karatasi yake.

Mimi hata hivyo ningezitumia wiki hizo kwa namna nyingine. Zinaonyesha kwamba kwa mwajiri wako tarehe ya mwisho ilikuwa kama mapambo. Tarehe 31 Januari 2023 ilipita, ukalipwa mshahara wa Februari, hakuna aliyekuuliza unafanya nini ofisini. Mtu aliyeona hivyo mara moja ana sababu ya kuamini kwamba 2026 nayo itapita vilevile. Leta hati ya mshahara wa Februari 2023 au taarifa ya benki ya mwezi ule, pamoja na mkataba wenye tarehe ya kusainiwa 10 Machi. Karatasi mbili hizo zikiwekwa pamoja zinasema zaidi ya ushahidi wa mdomo wa nusu siku.

Na hapohapo chukua tahadhari kwa mwezi ujao. Kama tarehe 2 Februari watakuita uendelee "kidogo tu kumalizia hesabu za mwaka", kila siku unayofanya kazi inakuongezea hoja. Ndiyo maana wajanja hukuletea karatasi ya mwezi mmoja ya makabidhiano. Ukiisaini, umekubali kwa mkono wako kwamba uhusiano unamalizikia mwisho wa Februari, na ile likizo ya Aprili inakuwa haina pa kushika. Sikukatazi kusaini, kwani mshahara wa mwezi ni mshahara. Nakuambia tu unachouza.

Ukishinda, unashinda nini? Sheria inazungumzia kuongezwa kwa masharti yaleyale au yanayofanana. Ulichotarajia kilikuwa ni mwaka mwingine mmoja, Februari 2026 hadi Januari 2027. Usiende kudai ajira ya kudumu, wala mishahara hadi umri wa kustaafu. Afrika Kusini walibadilisha sheria yao ili mtu aweze kudai pia matarajio ya kuajiriwa moja kwa moja. Kwetu maneno hayo hayamo. Dai linalolingana na ulichopoteza hupokewa kwa uzito kuliko dai lililovimba, na kwenye usuluhishi ndilo linalowafanya waajiri wakae mezani.

Kiinua mgongo ni jambo dogo lakini nalitaja kwa sababu mtauliza. Hulipwa mfanyakazi aliyetumikia mfululizo angalau miezi 12 na akaachishwa na mwajiri, kwa kiwango cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Mkataba ukiisha tu kwa muda wake, mwajiri atasema hakuachisha mtu, hivyo hadaiwi. Ukithibitisha kwamba ni kuachishwa, miaka yako sita ni siku 42. Mshahara wa Januari, likizo uliyoichuma bila kuitumia na cheti cha utumishi ni vyako kwa hali yoyote, ushinde au ushindwe.

Sasa siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuiitayo CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60, na hapo ndipo watu huchanganya. Siku 30 zinahesabiwa tangu ulipoachishwa au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Kwako kuna tarehe mbili zinazogombana: barua ya 12 Januari na mwisho wa mkataba, 31 Januari. Ukihesabu kutoka kwenye barua, unaishia 11 Februari. Ukihesabu kutoka mwisho wa mkataba, unapata hadi mwanzoni mwa Machi. Usiende kubishana juu ya ipi ni sahihi. Ukifungua shauri Januari wanaweza kusema umewahi, kwa kuwa bado uko kazini. Ukifungua baada ya 11 Februari wanaweza kusema umechelewa. Ingia kati ya 2 na 10 Februari, na mabishano yote mawili yanakufa kabla ya kuzaliwa. Ukichelewa, mlango haujafungwa kabisa: kuna fomu ya CMA F2 ya kuomba kuongezewa muda, ikiambatana na kiapo chenye sababu. Ila "sikujua sheria" na "tulikuwa tunaongea na meneja tuyamalize" si sababu zinazofika mbali.

Fomu ya kufungulia shauri ni CMA F1, na hapa nataka usome taratibu kuliko mahali pengine popote. Fomu hiyo inakutaka utaje aina ya mgogoro. Kuna "kuachishwa kazi" na kuna "uvunjaji wa mkataba", na vinaonekana kama ndugu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimjazia mteja "uvunjaji wa mkataba", nikiwaza kwamba kwa kuwa ni mkataba wa muda maalumu basi ndiyo njia yake. Mkataba wake ulikuwa umefika mwisho bila kukatizwa. Mwamuzi aliniuliza swali moja: ni kifungu gani cha mkataba kilichovunjwa? Sikuwa na jibu, kwani hakuna kilichovunjwa. Hoja yetu ilikuwa matarajio ya kuongezewa, na hoja hiyo inaishi ndani ya kuachishwa kazi. Tulishindwa, na mteja wangu yule hakustahili kushindwa.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: mwajiri akikukatizia mkataba katikati, tuseme Juni wakati unaisha Januari, ni uvunjaji wa mkataba na unadai kipindi kilichobaki. Mkataba ukifika mwisho na ukanyimwa nyongeza uliyoitarajia kwa msingi, ni kuachishwa kazi. Wewe ni wa pili. Jaza pia sehemu ya B ya fomu, ambayo ni ya wanaodai kuachishwa, na kwenye sababu uandike wazi kwamba ulikuwa na matarajio ya kuongezewa, ukitaja nyongeza tano, ujumbe wa Novemba na bajeti. Usichokiandika kwenye F1 utapata taabu kukiingiza baadaye. Mpe mwajiri nakala kwanza, apige muhuri na tarehe kwenye nakala yako, ndipo upeleke Tume ukiwa na uthibitisho huo. Mtaanza na msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Isipowezekana mnakwenda kwa mwamuzi, ambako ushahidi unasikilizwa. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, ana wiki 6 za kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. (Kwa mtumishi wa umma njia hii siyo, yeye lazima kwanza amalize ngazi za rufaa za utumishi wa umma.)

Nimemweka mfagizi mwisho kwa sababu swali lake ni jingine. Wewe unauliza kama mkataba wako wa muda ulipaswa kuongezwa. Kwake tunauliza kama ulipaswa kuwa wa muda tangu mwanzo. Sheria ya 2004 ilitaja aina tatu za mikataba: usio na muda maalumu, wa muda maalumu kwa wanataaluma na watu wa ngazi ya uongozi, na wa kazi mahususi. Mhasibu ni mwanataaluma, hivyo wewe huna la kulalamika hapo. (Kanuni za mwaka 2017 zilisema pia mkataba wa wanataaluma usipungue miezi 12, wako ni wa mwaka mzima, umetimia.) Mfagizi si mwanataaluma wala si kiongozi, na kufagia ofisi inayofunguliwa kila siku si kazi mahususi inayofika mwisho. Kwa hiyo anaweza kudai kwamba karatasi aliyopewa mwaka 2021 haikuwa ya aina inayoruhusiwa kwake, na kwamba kwa sheria yeye ni mwajiriwa wa muda usio na kikomo. Akikubaliwa hapo, tarehe iliyoandikwa mwishoni mwa mkataba haina kazi tena. Mwajiri atatakiwa kuonyesha sababu na utaratibu, na kama ni kupunguza wafanyakazi, basi notisi na mashauriano.

Nasema "akikubaliwa" kwa makusudi. Maamuzi kuhusu hoja hii hayakwenda njia moja: wapo walioona sheria imevunjwa, na wapo walioona mfanyakazi alisaini kwa hiari na hawezi kugeuka baada ya kulipwa miaka yote hiyo. Na mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ikapanua mazingira ambayo hata asiye mwanataaluma anaweza kupewa mkataba wa muda, kama vile kazi za msimu na za mradi wenye mwisho unaojulikana. Mwajiri akijificha nyuma ya marekebisho hayo, mwulize mfagizi maswali mawili. La kwanza: alianza lini? Mikataba yake ya mwanzo ilisainiwa chini ya sheria ya zamani, na marekebisho hayawezi kuisafisha kirahisi. La pili: kufagia ofisi yenu ni msimu gani? Ikiwa kazi hiyo ipo mwaka mzima na itafanywa na mtu mwingine kesho yake, haiingii kwa urahisi kwenye mazingira hayo mapya.

Yeye akija Tume asidai matarajio ya kuongezewa peke yake, maana kufanya hivyo ni kukiri kwamba mkataba wa muda ulikuwa halali. Aseme kwanza kwamba ni mwajiriwa wa muda usio na kikomo, kisha kama hoja ya akiba aseme kwamba hata kama ungekuwa wa muda, alikuwa na matarajio. Mpangilio huo usigeuzwe. Na kila mmoja ajaze fomu yake, kwa kuwa mkijaza moja pamoja, udhaifu wa hoja ya mmoja utamchafua mwenzake.

Kabla ya tarehe 31 kuna karatasi moja watakayokuletea pamoja na hundi, yenye mstari kwamba umelipwa stahiki zote na huna madai mengine dhidi ya kampuni. Soma kila mstari uliomo. Fedha za mshahara na likizo pokea, ni zako, na pembeni ya sahihi yako andika kwa kalamu kwamba umepokea mshahara na likizo tu, bila kuachia dai la kutoongezewa mkataba. Wakikataa kukulipa mpaka usaini kama ilivyo, ondoka na nakala au hata picha yake, kisha uniletee nayo pamoja na mikataba yote sita, barua ya tarehe 12 na hati ya mshahara wa Februari 2023, kabla ya Jumatatu tarehe 2.